Tarehe Mpya Itatangazwa Baadaye

Tarehe 30 Juni 2024 vijana zaidi ya milioni moja wa Bangladesh waliingia katika vyumba vya mtihani wa kumaliza sekondari ya juu, ule unaofupishwa HSC na unaolingana na mtihani wetu wa kidato cha sita. Kwa mujibu wa ratiba, karatasi za kuandika zilikuwa zimalizike tarehe 11 Agosti. Siku hiyo ilipofika walikuwa wamefanya karibu nusu tu, na siku tisa baadaye zilizobaki zikafutwa moja kwa moja. Kati ya Juni na Agosti palikuwa na mafuriko, maandamano, amri ya kutotoka nje, kukatwa kwa mtandao na kuanguka kwa serikali. Palikuwa pia na mfululizo wa matangazo ya tarehe mpya, kila moja likifuta lililotangulia.

Nchi zinazoahirisha mitihani ni nyingi, lakini ni chache zilizofanya hivyo mara nyingi na kwa sababu nyingi kama Bangladesh. Ndiyo maana inafaa kuichunguza. Kwa mbali mtu hudhani mtihani husimama barabara zinapofungwa na hurudi zinapofunguliwa. Ukifuata mambo yalivyokwenda Dhaka na Sylhet utaona kwamba barabara ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni karatasi yenyewe: imechapishwa au bado, imefika wapi, nani anailinda, na ni nani mwingine atakayeulizwa maswali hayohayo.

Maji ya Sylhet

Tuanze na mafuriko, maana hayo huja kwa msimu. Sylhet na Sunamganj, kaskazini-mashariki mwa Bangladesh, ni nchi ya mabonde yanayogeuka maziwa kila masika. Juu yake, ng'ambo ya mpaka, iko milima ya Meghalaya nchini India, mojawapo ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote duniani. Mvua ikinyesha huko, maji hushuka Sylhet kwa kasi, na shule na vyuo ndivyo majengo ya kwanza kugeuzwa makazi ya waliokimbia nyumba zao. Kwa hiyo hata mahali ambapo mtahiniwa angeweza kufika kwa mtumbwi, chumba alichopangiwa tayari kina familia zilizolala humo pamoja na mbuzi wao.

Mwaka 2022 maji yalipanda siku chache kabla ya mtihani wa SSC, ule wa kidato cha nne, uliokuwa uanze tarehe 19 Juni. Tarehe 17 serikali ikaahirisha mtihani huo kwa nchi nzima. Haukufanyika hadi tarehe 15 Septemba, karibu miezi mitatu baadaye. Maji yenyewe hayakukaa miezi mitatu. Kilichochelewesha kilikuwa hali ya watahiniwa: wengi walikuwa wamepoteza vitabu na madaftari, na waziri wa elimu wa wakati huo, Dipu Moni, alieleza kwamba lazima wapewe vitabu vipya na muda wa kuvisoma kabla ya kuitwa mezani.

Mwaka 2024 mafuriko yalirudi palepale, mara hii kabla ya HSC, lakini uamuzi ukawa tofauti. Bodi nyingine zote zilianza tarehe 30 Juni kama ilivyopangwa, na Sylhet peke yake ikaanza tarehe 9 Julai. Karatasi ilizozikosa zilisukumwa hadi mwishoni mwa ratiba.

Sylhet iliweza kuachwa nyuma kwa sababu Bangladesh haina baraza moja la mitihani. Ina bodi kumi na moja: tisa za mikoa, moja ya madrasa na moja ya elimu ya ufundi, na juu yao kamati ya uratibu inayoongozwa na mwenyekiti wa bodi ya Dhaka. Eneo moja likizama, bodi yake inaweza kusimama bila kuwasimamisha wengine, ilimradi baadaye itoe maswali mengine, maana karatasi iliyokwisha kufanywa Dhaka asubuhi inakuwa mikononi mwa kila mtu ifikapo adhuhuri.

Utaratibu huo una ukomo wake, na ulionekana Julai 2025. Mvua kubwa ilipofurika Feni na wilaya jirani, bodi ya Kumilla iliahirisha karatasi ya tarehe 10. Bodi ya madrasa na ile ya ufundi zikaahirisha pia. Hizi mbili hazigawanywi kwa ramani, zinagawanywa kwa aina ya elimu. Mwanafunzi wa madrasa aliyeko kwenye ardhi kavu upande mwingine wa nchi hutahiniwa na bodi ileile inayomtahini mwenzake aliyezungukwa na maji. Safari hiyo mmoja aliposimama, wote walisimama.

Kenya na Tanzania ziko kama bodi ya madrasa, si kama bodi ya Sylhet. Karatasi ya KNEC ni moja kutoka Mandera hadi Kwale, na ya NECTA ni moja kutoka Kagera hadi Mtwara. Ndiyo maana mvua za El Ninyo zilipokata barabara Kenya mwishoni mwa 2023, mtihani wa KCSE ukiwa unaendelea, serikali haikuahirisha. Ilitumia helikopta kupeleka karatasi mahali palipokatwa na maji. Gharama ya helikopta ni kubwa, lakini ukiipima na gharama ya kutunga, kuchapisha na kulinda karatasi nyingine kwa ajili ya wilaya chache, au kuwasimamisha watahiniwa wa nchi nzima, helikopta inakuwa rahisi.

Mgomo una ratiba yake

Mgomo hutofautiana na mafuriko kwa jambo moja: hutangazwa. Mwenye kugoma hutaja siku, na mwenye mtihani anaweza kuipanga ratiba yake kandokando ya siku hizo.

Hilo lilifanyika Bangladesh mwanzoni mwa 2015. Muungano wa upinzani ulioongozwa na chama cha BNP ulikuwa umeitisha kuzuiwa kwa usafiri nchi nzima, na juu yake hartal, yaani mgomo wa kufunga kila kitu: maduka, mabasi, ofisi. Mabasi yaliyothubutu kutoka yalirushiwa mabomu ya petroli, na watu walikufa kwa kuungua. SSC ilikuwa ianze tarehe 2 Februari, siku ya Jumatatu. Ikasogezwa hadi Ijumaa tarehe 6. Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko Bangladesh, na wapinzani walikuwa wakiitisha hartal siku za kazi. Basi mtihani ukahamia katika siku za mapumziko, karatasi moja Ijumaa na nyingine Jumamosi, wiki baada ya wiki.

Kwa watahiniwa maisha yakawa ya kungoja. Hartal mpya ikitangazwa, waziri Nurul Islam Nahid alijitokeza mbele ya waandishi kusema kwamba karatasi ya siku fulani imehamishiwa Ijumaa au Jumamosi inayofuata. Mara nyingi tangazo lilitoka siku moja tu kabla. Lakini lilikuwa na sifa ambayo matangazo ya 2024 yalikuja kuikosa: lilitaja karatasi ipi, siku ipi, na siku hiyo ilikuwa ya kutegemewa. Mtihani ulichelewa kwisha, lakini ulikwisha.

Kenya ilikuwa na kisa chake mwaka 2012. Walimu walianza mgomo tarehe 3 Septemba, siku shule zilipofunguliwa kwa muhula wa tatu, na ukaendelea kwa takriban wiki tatu. Walipokubali kurudi, serikali ikausogeza mtihani wa KCPE kwa kadiri ya muda uliopotea, ukafanyika mwanzoni mwa Desemba. Kazi hiyo haikuwa ngumu kwa sababu mgomo ulimalizika kabla ya karatasi yoyote kufunguliwa. Kisichoanza husogezwa chote kwa pamoja, na mtahiniwa hahitaji kuambiwa zaidi ya tarehe moja mpya. Ugumu wa kweli huanza mtihani unapokatika katikati.

Julai na Agosti 2024

Maandamano ya wanafunzi wa vyuo vikuu dhidi ya mgao wa ajira serikalini yalikuwa yakiendelea Dhaka huku HSC ikifanyika. Tarehe 16 Julai watu sita waliuawa katika miji kadhaa. Usiku huo serikali ikafunga shule na vyuo, na karatasi ya tarehe 18 ikaahirishwa. Kisha zikaahirishwa za tarehe 21, 23 na 25. Baadaye zikafuata za 28, 29, 31 na tarehe mosi Agosti.

Tuitazame njia hiyo. Kila tangazo lilikata kipande kimoja tu cha ratiba na kuacha kinachofuata kikisimama, kana kwamba mambo yangetulia wiki ijayo. Maneno yake yalikuwa yale ya ofisi zote za serikali Bangladesh: kwa sababu zisizozuilika mitihani ya tarehe zifuatazo imeahirishwa, tarehe mpya itatangazwa baadaye, na mitihani mingine itaendelea kama ilivyo kwenye ratiba. Kwa anayeandika, sentensi hii ni salama, kwa kuwa haisemi uongo. Kwa anayesoma ni mzigo, kwa sababu inamtaka aendelee kujiandaa kwa karatasi ya wiki ijayo ambayo yeye mwenyewe, akichungulia dirishani, haamini kwamba itakuwapo.

Kulikuwa na tatizo jingine. Mtandao wa simu ulizimwa kuanzia tarehe 18 Julai, na usiku huohuo mtandao wa nyaya ukafuata. Usiku wa kuamkia tarehe 20 ikaingia amri ya kutotoka nje. Kwa siku kama tano tovuti za bodi, mahali ambapo mtahiniwa huagizwa kusoma ratiba yake, hazikuwa na msomaji. Habari ikarudi katika njia za zamani: runinga, redio, gazeti la asubuhi pale lilipofika, na mkuu wa chuo kupiga simu. Mtandao wa simu haukurejea hadi tarehe 28.

Mwanzoni mwa Agosti ilionekana kuna mwanga, na tarehe 11 ikatajwa kuwa siku ya kuanza tena. Tarehe 5 Agosti waziri mkuu Sheikh Hasina akakimbilia India. Maandamano yalikuwa yameshinda, barabara zikafunguliwa, na mtu wa kawaida angetegemea kwamba sasa mtihani utarudi. Haukurudi. Siku hiyo na zilizofuata vituo vingi vya polisi vilivamiwa na kuchomwa, na baadhi ya vituo hivyo ndivyo vilivyokuwa vimehifadhi karatasi za mtihani.

Hapa inabidi kueleza karatasi inavyosafiri. Maswali huchapishwa katika kiwanda cha serikali cha uchapaji Dhaka, hufungwa katika masanduku ya chuma yenye lakiri, na kupelekwa wilayani. Kwa vituo vilivyo mbali na makao ya wilaya, masanduku hulala katika kituo cha polisi kilicho karibu. Kila somo huwa na seti zaidi ya moja ya maswali, na seti itakayotumika hutajwa takriban nusu saa kabla ya mtihani kuanza. Ni utaratibu uliokazwa baada ya visa vya kuvuja kwa maswali katika miaka ya 2010. Unamzuia mwizi aliye mtu wa ndani. Haukutengenezwa kuzuia umati wenye viberiti.

Sanduku likiungua, hasara si karatasi za kituo kile tu. Kabla ya moto palikuwa na watu ndani ya jengo, na hakuna awezaye kuapa kwamba hakuna bahasha iliyotoka mikononi mwa mtu. Seti iliyokuwa ndani ya sanduku hilo imekufa kwa bodi nzima, hata pale ambapo masanduku yake yamekaa salama na lakiri haijaguswa. Kuanzia hapo tarehe ya mtihani haikuhusiana tena na utulivu wa barabarani. Ilihusiana na muda wa kutunga maswali mapya, kuyachapisha, na kuwa na polisi wa kuyalinda, nao polisi wakati ule walikuwa wamekimbia vituo vyao.

Tarehe 11 Agosti ikafutwa na nafasi yake ikachukuliwa na tarehe 11 Septemba. Watahiniwa walikuwa wamefika mwisho wa uvumilivu. Baadhi yao walikuwa na wenzao waliouawa au waliolazwa hospitali kwa majeraha ya risasi, na wote walikuwa wameshika vitabu vilevile tangu Juni. Tarehe 20 Agosti wizara ilipanga kuwapunguzia: karatasi zilizobaki zitahiniwe kwa nusu ya alama na kusogezwa wiki mbili zaidi. Siku hiyohiyo mamia yao waliingia kwa nguvu katika makao ya wizara jijini Dhaka, na kabla ya jioni serikali ya mpito ikafuta karatasi zote zilizobaki.

Bei ya kufuta

Kufuta hakumalizi hesabu. Cheti lazima kitoke, na chuo kikuu lazima kiwe na alama za kuchagulia. Bodi zikaamua kwamba masomo yaliyokwisha kufanywa yasahihishwe kama kawaida, na kwa masomo ambayo hayakufanywa mtahiniwa apewe alama kwa kuangalia alichopata katika SSC miaka miwili kabla. Njia inayofanana na hiyo ilikuwa imewahi kutumika wakati wa korona, HSC ya 2020 ilipofutwa yote.

Matokeo yalitoka tarehe 15 Oktoba 2024, na waliofaulu walikuwa asilimia 77.78. Ndipo ikaonekana kasoro ambayo mwezi Agosti haikujadiliwa. Aliyekuwa dhaifu katika somo lililofutwa alibebwa na alama zake za zamani. Aliyekuwa dhaifu katika somo lililofanywa Julai alifeli. Tofauti kati yao ilikuwa ni siku ambayo somo liliangukia kwenye ratiba, basi. Waliofeli waliandamana hadi bodi ya Dhaka tarehe 20 Oktoba na kuvunja vitu ofisini, wakidai kwamba masomo yote yapimwe kwa alama za zamani. Siku tatu baadaye waliingia tena katika makao ya wizara, na makumi yao wakakamatwa. Mtihani uliokatwa katikati ulikuwa umetengeneza makundi mawili yasiyoweza kulinganishwa.

Nani atangaze, na lini

Mwaka uliofuata jambo lilihusu saa tu. Tarehe 21 Julai 2025 ndege ya kivita ilianguka juu ya shule ya Milestone jijini Dhaka na kuua watu wengi, wengi wao watoto. Kesho yake saa nne asubuhi kulikuwa na karatasi ya HSC. Jioni ikapita, usiku ukaingia, na bodi haikusema neno. Karibu saa tisa usiku mshauri wa serikali aliyekuwa akishughulikia habari aliandika kwenye ukurasa wake wa Facebook kwamba mtihani umeahirishwa.

Uamuzi wenyewe hakuna aliyeupinga. Kilichowaudhi watu ni kwamba mtahiniwa aliyelala mapema ili aamke vizuri hakuweza kujua, na aliyekuwa macho hakuwa na hakika. Nchi iliyozoea matangazo bandia yenye mhuri na sahihi za kughushi imewafundisha vijana wasiamini kitu ambacho hakijatoka kwa msimamizi wa mitihani wa bodi. Tangazo hili lilitoka kwa mtu asiyehusika na mitihani, mahali ambapo si pa bodi, saa ambayo hakuna wa kumpigia simu kuuliza. Wapo waliosafiri alfajiri hadi vituoni. Siku hiyo wanafunzi waliandamana tena hadi wizarani, na katibu wa elimu akaondolewa kazini.

Ukilinganisha visa hivi, tangazo linalofaa halihitaji ufasaha mkubwa. Linataja bodi na eneo, karatasi kwa jina na namba yake, na tarehe iliyokuwa imepangwa. Linasema kama zile zinazofuata zinabaki mahali pake au zinasogea nazo, na kama kadi ya mtihani, kituo na saa ni vilevile. Linatoka kwa yule anayetoa ratiba siku zote, kwa njia mbili angalau ambazo haziwezi kuzimwa kwa pamoja. Linatoka mapema kiasi cha mtahiniwa wa mbali kulipata kabla hajaondoka nyumbani, yaani jioni ya siku iliyotangulia ikiwezekana.

Kilichobaki ni tarehe mpya, nayo ndiyo iliyowaponza Dhaka. Bodi ilitaja 11 Agosti wakati haikujua kama karatasi zingekuwa salama, na 11 Septemba wakati haikujua kama polisi wangekuwa wamerudi. Ingeweza kusema inachojua: kwamba seti fulani zimeharibika, kwamba mpya zinahitaji wiki kadhaa, na kwamba tarehe itatajwa zikishafika wilayani, kisha watahiniwa wapewe muda maalumu, tuseme siku kumi na tano, kati ya tangazo na karatasi ya kwanza. Kijana akiambiwa anangoja nini, na atapata siku ngapi kikishapatikana, anaweza kufunga kitabu usiku na kukifungua asubuhi. Akipewa tarehe ambayo hata anayeitaja hana hakika nayo, ya kwanza ataipokea, ya pili ataipokea, na ya tatu ataipeleka mlangoni kwa waziri.